Soketi ya kwenye picha ni aina gani?

"Wakuu, natoka Kigoma kwenda Bujumbura na pasi ya umeme. Mwenyeji kanitumia picha ya soketi, nitaitambuaje?"

Mkuu, angalia ndani ya kile kishimo cha duara. Ukiona matundu mawili na pini moja ya chuma imechomoza, hiyo ni aina E. Pini hiyo ndiyo ethi. Kama haipo, ila kuna vibanio viwili vya chuma pembeni, ni F.

Plagi yetu ya pini tatu bapa, aina G, haiingii kote kuwili. Umeme wao ni volti 220, karibu sawa na wetu, kwa hiyo transfoma ya nini? Nunua adapta yenye tundu la kupokea ile pini. Zile nyembamba za pini mbili huingia, lakini hazina ethi. Pasi ikivuja umeme, chuma chake kitakupiga shoti.