Komeo, Dari na Mama Mkwe

*Shangazi, mwaka wa pili sasa tunaishi kwa mama mkwe, Tandika, huku tukijenga Chanika. Anaingia chumbani bila hodi, anafunua sufuria zangu, na tukigombana usiku, asubuhi anajua kila neno. Mume wangu kimya. Nimemwambia achague: mimi au mama yake.*

Pole, mwanangu. Kukaa ukweni kunachosha. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna mambo umeyaruka. Kodi hujaitaja. Anayenunua mkaa hujamtaja. Sufuria ni zako, sawa, jiko je? Mama aliyelisha watoto kwenye jiko hilo anafunua kifuniko ili ajue mboga itatosha. Hapo niko upande wake.

Na hilo la kujua kila neno, usimwite mmbea. Nyumba nyingi za Kiswahili huko hazina dari. Ukuta wa chumba unaishia chini ya bati, sauti inapanda juu yake na kushukia chumba cha pili. Yule mama amelala kitandani kwake, shuka hadi shingoni, anasikia mkwewe anavyomtaja. Hebu fikiri usiku wake unakuwaje. Pigeni siling bodi chumbani, hata kama bati la Chanika litachelewa mwezi. Kabla ya hapo, maneno mazito mkayamalizie nje, mkitembea.

Hodi nayo. Nadhani mchana mlango wenu ni pazia tu, maana joto la Dar nalijua. Kwa mama wa makamo yake, pazia maana yake karibu. Tieni komeo kwa ndani. Mkitaka faragha, fungeni, na hakuna mtu mzima atakayehitaji kufundwa.

Lawama yangu kubwa iko kwa mumeo. Mama ni wake, aongee yeye, na wewe usiwepo. Asianze na "mke wangu analalamika", hapo atakuwa amekuchoma. Aseme, "Mama, mimi naomba chumba chetu mtu asiingie tusipokuwepo." Na kabla ya kuomba, fedha ya chakula imfikie mama mkononi kila mwisho wa mwezi, bila kukumbushwa. Mtoto anayekula bure hasikilizwi. Ikishakuwa hivyo, wewe omba siku zako za kupika, tatu kwa wiki, na siku hizo jiko liwe lako kweli.

Lile la achague, lirudishe leo hii. Usimlazimishe mwanaume kumpima mama yake mbele yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume ampe mkewe makazi kulingana na uwezo wake, kwa hiyo kama ni kudai, dai Chanika. Chumba kimoja na choo vikiezekwa, watu wanahamia, sakafu itafuata. Jumamosi nendeni wote wawili mkaangalie. Ukikuta msingi umeota majani, utakuwa na la kumuuliza mumeo, na mama yake hatakuwamo.