Nimeweka 1,100,000, hesabu yangu inasema nina faida, mbona thamani ni pungufu?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, niko Wete. Tangu Mei nanunua vipande vya mfuko wa uwekezaji kila mwezi kwa simu, 100,000 kila mara, isipokuwa Septemba nilipoweka 600,000 baada ya kuuza karafuu. Bei za kipande zilikuwa 500, 480, 490, 510, 560 na 550. Nimezijumlisha nikagawa kwa 6, nikapata wastani wa 515. Leo bei ni 530, kwa hiyo nina faida ya shilingi 15 kwa kila kipande, na vipande vyangu 2,061.74 vinanipa kama 30,900. Lakini taarifa ya mfuko inaonesha thamani ya 1,092,722 tu, wakati nimeweka 1,100,000. Nani amekosea, mimi au wao? Na wakati wa kuuza wanakata asilimia 1, hiyo naiweka wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Taarifa iko sahihi. Kosa liko kwenye ile 515, na uzuri ni kwamba umelishtukia mwenyewe. Wengi huiona faida kwenye daftari lao wakalala nayo.

Tuanze na jambo unalolijua huko Pemba. Tuseme mfano tu: siku ya kwanza umechumiwa karafuu pishi 10 kwa 3,000 kila pishi, siku ya pili pishi 90 kwa 4,000. Mtu akikuuliza uchumaji umekugharimu shilingi ngapi kwa pishi, humwambii 3,500. Umelipa 30,000 na 360,000, jumla 390,000, kwa pishi 100. Ni 3,900. Siku ya pili ilikuwa na pishi nyingi, basi bei yake lazima ivute hesabu upande wake. Ulipojumlisha bei sita ukagawa kwa 6, uliipa kila bei sauti moja, kana kwamba Juni na Septemba ulinunua sawasawa.

Hukununua sawasawa. Hivi ndivyo miezi yako inavyosomeka ukigawa pesa ya kila mwezi kwa bei ya mwezi huo:

| Mwezi | Pesa | Bei | Vipande |
|---|---|---|---|
| Mei | 100,000 | 500 | 200.0000 |
| Juni | 100,000 | 480 | 208.3333 |
| Julai | 100,000 | 490 | 204.0816 |
| Agosti | 100,000 | 510 | 196.0784 |
| Septemba | 600,000 | 560 | 1,071.4286 |
| Oktoba | 100,000 | 550 | 181.8182 |
| Jumla | 1,100,000 | | 2,061.7401 |

Tazama mstari wa Septemba. Zaidi ya nusu ya vipande vyako vimenunuliwa mwezi mmoja, na ndio mwezi ambao bei ilikuwa juu kuliko yote. Sasa gawa jumla ya pesa kwa jumla ya vipande: 1,100,000 kwa 2,061.7401 ni 533.53. Hiyo ndiyo bei yako ya wastani. Bei ya leo ni 530, kwa hiyo uko chini kwa shilingi 3 na senti 53 kwa kila kipande, na kwa vipande vyote ni hasara ya 7,278 hivi. Zidisha 2,061.7401 kwa 530 utapata 1,092,722, ileile waliyokuonesha.

Kwa haki yako niseme hili: lau ungeweka 100,000 miezi yote sita, njia yako isingekupoteza sana. Ungekuwa na vipande 1,168.88 kwa 600,000, yaani wastani wa 513.31, na wewe ungesema 515. Tofauti haifiki shilingi mbili. Hata hapo wastani wa kweli uko chini kidogo, na daima utakuwa chini maadamu pesa ni ileile na bei zinabadilika, kwa sababu 100,000 hununua vipande vingi bei ikishuka na vichache ikipanda. Ndiyo maana kosa hili hujificha kwa miaka. Mtu anakatwa kiasi kilekile kila mwezi, hesabu inakaribia ukweli, halafu siku moja anapata pesa ya msimu na hesabu inapinduka kutoka faida hadi hasara, kama ilivyokutokea.

Sasa hiyo asilimia 1. Usiiingize kwenye bei ya wastani, kwa sababu hujailipa na hutailipa mpaka utoke. Iweke upande wa thamani ya leo. Ukiuza leo hupati 530, unapata 524.70. Vipande vyako vyote vitakupa 1,081,795, na hasara halisi ikiwa utatoka leo ni 18,205. Mimi hupenda kuandika hesabu zote mbili, ya bei iliyotangazwa na ya pesa itakayofika mkononi, maana ya pili ndiyo utakayolipia ada ya mtoto. Na ukitaka kujua bei itakayokurudishia chako bila kupungua wala kuzidi, gawa 533.53 kwa 0.99: ni 538.92. Bei ikitangazwa 535 usishangilie bado.

Makato ya simu wakati wa kutuma ni jambo jingine. Kama mfuko umepokea 100,000 kamili na wewe simu imekukata zaidi, gharama yako ya kweli ni hiyo kubwa. Ukitaka kuwa mkali, ongeza makato kwenye safu ya pesa. Ila ukishaamua fanya hivyo miezi yote, usichanganye.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kuandika, fungua karatasi ya Ekseli. Safu A tarehe, B pesa, C bei, D vipande, miezi sita kuanzia mstari wa 2. Bei ya leo iandike F1, na makato ya kuuza, 1%, yaandike F2. Kisha:

```
Wastani:       =SUM(B2:B7)/SUM(D2:D7)
Thamani leo:   =SUM(D2:D7)*F1
Mkononi:       =SUM(D2:D7)*F1*(1-F2)
Faida/hasara:  =SUM(D2:D7)*F1-SUM(B2:B7)
```

Usiandike popote `=AVERAGE(C2:C7)`. Hiyo ndiyo iliyokupa 515. Na vipande vya safu D vinakili kutoka kwenye taarifa ya mfuko, usivikokotoe mwenyewe, sababu nitaieleza mwisho.

Najua swali litakalofuata, maana kila anayeiona 533.53 huniuliza: je, nikinunua tena leo kwa 530 sitaushusha wastani? Utaushusha, lakini angalia kwa kiasi gani. Ukiweka 100,000 nyingine unapata vipande 188.68, jumla 2,250.42 kwa 1,200,000, na wastani unakuwa 533.23. Umeteremka senti 30. Kadiri vipande vinavyolimbikizana ndivyo wastani unavyokuwa mzito kusogea. Zaidi ya hapo, hasara yako ya shilingi 7,278 imebaki palepale, haikupungua hata senti, kwa kuwa vipande vipya umevinunua kwa bei ya leo na havina faida wala hasara. Kilichopungua ni hasara kwa kila kipande, kwa sababu sasa imegawanywa kwa vipande vingi. Nunua kama mpango wako ni kununua kila mwezi. Usinunue kwa ajili ya kuufukuza wastani.

Siku ukiuza sehemu, wengi huharibu hapa. Tuseme unauza vipande 500 leo na unapokea 262,350. Mtu huchukua 1,100,000, akatoa 262,350, akabaki na 837,650, akaigawa kwa vipande 1,561.74 vilivyosalia na kupata wastani wa 536.36. Bei ya kununulia imepandaje ilhali hakununua kitu? Ameichanganya hasara ya vilivyouzwa na gharama ya vilivyobaki. Unachotoa ni gharama ya vile 500, siyo pesa uliyopokea: 500 mara 533.53 ni 266,765. Inabaki 833,235, na wastani unabaki 533.53 kama ulivyokuwa. Tofauti ya 266,765 na 262,350 ni 4,415, na hiyo ni hasara iliyokwishatokea, iandike pembeni. Alama ya kujua umefanya vyema ni hii: kuuza hakuugusi wastani kabisa, kununua tu ndiko kunakousogeza.

Kuhusu asilimia, 7,278 katika 1,100,000 ni 0.66. Usiiite ya mwaka, na usiilinganishe na asilimia ambayo mfuko unatangaza kwa mwaka. Shilingi ya Mei imekaa miezi kadhaa, zile 600,000 zimeingia juzi tu. Ukishatimiza mwaka au zaidi, Ekseli ina `=XIRR` inayozingatia tarehe za kila mchango: pesa uliyotoa huandikwa kwa alama ya kutoa, na thamani ya leo huandikwa mwishoni bila alama hiyo. Kwa miezi sita itakupa namba isiyo na maana kubwa.

Na kwamba bei imeshuka kutoka 560 hadi 530 si ajabu ikiwa mfuko wako una hisa ndani, kama ulivyo Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS. Hisa zikiteremka sokoni, kipande nacho huteremka. Mifuko inayokaa kwenye amana za benki na dhamana za serikali bei yake kwa kawaida hupanda taratibu, na huko njia yako ya kugawa kwa sita isingekuonesha kituko kikubwa namna hii.

Kilichobaki ni ile 560 ya Septemba, na ningependa uihakiki, kwa kuwa ndiyo iliyobeba nusu ya hesabu. Bei inayokuhusu ni ya siku mfuko ulipokugawia vipande, wala siyo ya siku uliyobonyeza simu. Pesa ikitumwa Ijumaa jioni huweza kupewa bei ya Jumatatu. Tena kama ulituma 600,000 kwa mafungu mawili kwa sababu ya ukomo wa muamala, huenda kila fungu lilipata bei yake. Taarifa yako inafikia 2,061.74 kwa bei ulizonitajia, kwa hiyo naamini 560 ni sahihi, lakini fungua mistari ya Septemba uhesabu ni mmoja au miwili kabla ya kuandika safu D.