Chagua mistari ya jedwali kabla ya kusoma alama: ushauri kuhusu unyumbufu wa kipato na unyumbufu mtambuka

Katika kusahihisha majibu ya wanafunzi wa uchumi, nimeona kwamba wengi wanaoainisha bidhaa vibaya hawajakosea hesabu. Kanuni wanazijua: unyumbufu wa mahitaji kwa kipato ukiwa chanya, bidhaa ni ya kawaida, na ukiwa hasi, ni duni, unyumbufu mtambuka ukiwa chanya, bidhaa mbili ni mbadala, na ukiwa hasi, ni kamilishi. Kosa huwa limekwisha kutokea mapema zaidi, pale walipochagua mistari miwili ya jedwali ya kulinganisha.

Tuchukue kaya moja ya kubuni inayosafiri kwa basi na kwa gari lake, huku nauli ya basi ikiwa haijabadilika kabisa.

| Hali | Kipato | Bei ya petroli | Safari za basi |
|---|---|---|---|
| Ya 1 | 400 | 20 | 40 |
| Ya 2 | 500 | 20 | 32 |
| Ya 3 | 500 | 25 | 36 |

Kati ya hali ya 1 na ya 2, kilichobadilika ni kipato peke yake. Kimepanda kwa asilimia 25, na safari za basi zimepungua kwa asilimia 20, kwa hiyo unyumbufu wa kipato ni −20 ÷ 25, yaani −0.8. Kwa kaya hii, safari za basi ni bidhaa duni. Kati ya hali ya 2 na ya 3, kipato kimetulia na bei ya petroli ndiyo iliyopanda kwa asilimia 25. Safari zimeongezeka kwa asilimia 12.5, na unyumbufu mtambuka ni +0.5. Basi na petroli ni mbadala.

Sasa mlinganishe mwanafunzi anayeruka kutoka hali ya 1 hadi ya 3 kwa sababu tu ndizo za mwanzo na za mwisho. Anaona petroli imepanda kwa asilimia 25 na safari zimepungua kutoka 40 hadi 36, yaani kwa asilimia 10, anapata −0.4, na anaandika kwa uhakika kwamba bidhaa hizi ni kamilishi. Hesabu yake haina dosari, lakini kupungua huko kumeletwa na kipato, ambacho nguvu yake imeifunika ile ya bei ya petroli. Mistari hiyohiyo miwili ikitumiwa kutafuta unyumbufu wa kipato, nayo hutoa −0.4: alama ni ya kweli, ila kwa bahati tu, na ukubwa wake ni nusu ya ule tuliopata.

Ushauri wangu, basi, ni kupitia kila safu ya jedwali kwanza na kutafuta mistari miwili inayotofautiana katika jambo moja tu mbali na kiasi kinachohitajiwa. Mistari hiyo isipokuwapo, ni heri kuandika kwamba takwimu hazitoshi kuliko kulazimisha jibu.

Wako wanaohangaika zaidi na njia ya kukokotoa asilimia. Ukitumia wastani wa thamani mbili badala ya thamani ya mwanzo, unyumbufu wa kipato hapo juu unakuwa −1 badala ya −0.8, lakini alama haigeuki, na uainishaji unasimama palepale. Kinachoweza kuugeuza ni kiwango cha kipato chenyewe. Kaya hiyohiyo ingekuwa na kipato cha 100 kikapanda hadi 200, huku safari zake zikiongezeka kutoka 10 hadi 25, unyumbufu ungekuwa +1.5 na safari hizohizo zingekuwa bidhaa ya kawaida. Kwa hiyo ni vyema jibu litaje kipato kilichohusika.

Jambo la mwisho linaziunganisha alama hizi mbili, na mara nyingi hupitwa. Petroli inapopanda bei, kaya inayoitumia huwa kama imepungukiwa na kipato. Na kwa kuwa kwake basi ni bidhaa duni, upungufu huo nao unaisukuma kwenye basi. Sehemu ya ile +0.5 imetoka huko. Tukigeuza swali na kuuliza petroli itahitajiwa kiasi gani nauli ikipanda, nguvu mbili huvutana: wasafiri wanalikimbia basi, jambo linaloongeza mahitaji ya petroli, lakini ikiwa petroli kwao ni bidhaa ya kawaida, kupungukiwa kwao kunayapunguza. Alama inaweza kuwa chanya dhaifu, na nauli ikiwa inameza sehemu kubwa ya kipato, inaweza hata kuwa hasi. Kutokana na hali ya 2 na ya 3 tunaweza kuandika tu jinsi safari za basi zinavyoitikia bei ya petroli. Upande wa pili unahitaji mstari mwingine ambamo nauli peke yake ndiyo iliyobadilika, pamoja na safu ya lita za petroli, ambayo jedwali hili halina.