Bango la utafiti wa darasani: weka jibu juu

"Niko mazoezi ya kufundisha Ilemela. Nilifundisha kujumlisha sehemu kwa vizibo vya soda, darasa la nne, wanafunzi 36. Jaribio la kwanza walifaulu 11, la pili 23. Nina kurasa nne, bango la kongamano nilipangeje?"

Mwalimu mwenzangu, kurasa nne ziache nyumbani. Chukua karatasi ya A1, na juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka ukiwa hatua tatu mbali, andika ulichokiona: "Baada ya vipindi vya vizibo, waliofaulu waliongezeka kutoka 11 hadi 23 kati ya 36." Usiandike "vizibo viliongeza ufaulu". Hukuwa na darasa la kulinganisha, na huenda kurudia jaribio tu kuliwasaidia. Asilimia nazo ziache, darasa ni dogo.

Katikati, penye nafasi kubwa, weka kazi ya mtoto mmoja. Kushoto kosa lake: 1/2 + 1/3 = 2/5, kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Kulia vizibo 6: nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla 5 kati ya 6, yaani 5/6. Hapo ndipo wenzako watasimama. Mimi langu nilijaza maneno, watu wakapita kwenda chai!

Chini, mistari miwili ya namna ulivyofanya, na mmoja wa kilichokushinda.

Jina la mtoto lifute. Picha za sura usiweke bila ruhusa ya mzazi na mwalimu mkuu. Muulize msimamizi wako kabla ya kuchapisha.