Timu Tano za 1.50 Si Shua: Hesabu ya Kichwani Ukiwa Kwa Kibanda cha Beti

Juzi usiku kijana mmoja wa Nyalenda amenitumia meseji, anasema, "Brathe nimeweka timu tano, zote 1.50, na bado nimechomeka, kwani mimi nina mkosi?" Nimeisoma mara mbili nikakosa usingizi, kwa sababu hiyo mkeka naijua, niliiweka mwenyewe pale Kondele na 2,000 ya kununua omena.

Simu ilikuwa imezima chaji. Nilisimama mbele ya ile karatasi ya odi imebandikwa ukutani, nikachagua timu tano kubwa zinacheza nyumbani, jamaa wa kibanda akaniambia nikishinda ni 15,000 na kitu. Nne zikaingia. Ya tano ikarudishiwa bao dakika za mwisho, droo. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, mama watoto hakusema neno, alipakua tu ugali na sukuma akaketi. Mpaka leo hiyo sahani naiona.

Sasa kijana wangu, si mkosi. Chukua 100 ugawanye na odi, utapata ni mara ngapi kwa mia hiyo odi inasema timu itashinda. 2.00 ni 50, 4.00 ni 25, 5.00 ni 20, na 1.50 ni 67, yaani mara mbili kwa kila tatu. Kwa hivyo kila timu unayoongeza unakata theluthi moja. Anza na 100, timu ya kwanza inakuacha na 67, ya pili 44, ya tatu 30, ya nne 20, ya tano 13. Hiyo "shua" yako ilikuwa 13 kwa 100! Mimi hii hesabu niliifanya wiki moja baadaye nikiwa nimeketi kwa matatu, na ilichukua muda mfupi kuliko kondakta kurudisha chenji.

Na hata hiyo 13 imetiwa chumvi, maana mwenye kibanda ameshakata yake ndani ya odi. Unamjua namna hii. Jumapili iliyopita nilikuta mechi moja, nyumbani 2.10, droo 3.20, wageni 3.60. Hizo hazigawanyiki vizuri kwa kichwa, basi shika namba ya karibu unayoijua. 2.10 imezidi 2.00 kwa asilimia 5, kwa hivyo toa asilimia 5 ya 50, inabaki 47 na nusu. 3.20 iko juu kidogo ya 3.00 ambayo ni 33, toa 2, sema 31. 3.60 iko chini ya 4.00 kwa sehemu moja ya kumi, ongezea 25 sehemu yake moja ya kumi, inakuwa 27 na nusu. Jumlisha zote, 106. Mechi haiwezi kuisha kwa njia 106 kati ya 100, hiyo 6 ya juu ni ya kampuni. Ukiipunguza kwa zote tatu, kila moja ukatoa kama asilimia 6 yake, nyumbani inarudi kama 45. (Hii njia ya namba ya karibu inayumba odi ikiwa mbali zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa mfano 2.50 usiitoe kwa 2.00, ni nusu ya 5.00 kwa hivyo ni 20 mara mbili, 40.)

Kisha swali ni moja tu, hiyo timu ya nyumbani wewe unaipa asilimia ngapi? Zidisha yako na odi. Ukiipa 45, 45 mara 2.10 ni 94 na nusu, maana yake kila shilingi 100 ukiendelea kuweka hivyo inarudi 94 hivi, hapo wacha. Ukiipa 52 inakuwa 109, hapo kuna kitu. Mpaka wa hiyo odi ni 48, na kama kuna kodi inakatwa basi panda juu zaidi.

Lakini hapa ndipo wengi wanajidanganya na mimi nilijidanganya miaka, unaona odi kwanza halafu unajipa 52 ndio ikubali. Usifanye hivyo tafadhali. Mimi siku hizi naandika asilimia yangu kwa kiganja na biro kabla sijafika kwa ile karatasi, na kama timu imeshinda nyumbani 6 kati ya 10 siandiki 60, mechi kumi ni chache sana, moja ikigeuka tu umehama asilimia 10, naandika 50 ama chini.

Hiyo Jumapili kiganja kilikuwa kimeandikwa 46. Zidisha na 2.10, 96 na kitu. Jamaa wa kibanda akaniuliza, "Mzee, leo huweki?" Nikamwambia siweki, nikashuka Dunga na pesa yangu, nikanunua omena.