Wenye saluni wapya, acheni kujilipa mshahara wa Desemba

Jamani wadogo zangu, juzi tena nimemwona mmoja kafungua saluni mwezi wa 11, Krismasi imemwendea vizuri, sasa anatangaza anajilipa milioni kwa mwezi. Naombeni mnisikilize.

1. Mshahara wako upangie mwezi mbaya. Chukua saluni ya kawaida ya Dar, mwezi mzuri inaingiza 3,600,000. Wasusi wanachukua 40%, yaani 1,440,000, rasta na dawa laki tano, LUKU na maji 160,000, fremu laki tatu, TRA na leseni utenge laki moja. Inabaki 1,100,000 na hapo ndo mtu anachanganyikiwa. Sasa njoo Januari, watu wamelipa ada za watoto, nywele wanabana tu na kilemba, unaingiza milioni mbili. Ukitoa vyote hivyo, na kamisheni na dawa zimeshuka maana kazi ni chache, inabaki kama laki nne. Basi mshahara wako ni laki nne, hata mwezi unaobakiza mara mbili yake.

2. Kodi ya fremu haipo kwenye droo hata kama unaiona. Hapa ndo nilipoumia mimi. Mwenye nyumba alikuwa anataka miezi sita kwa mkupuo, 1,800,000, na mimi kila jioni nahesabu hela, naona zipo, nachukua. Nilikuwa najilipa milioni, nachangia vikoba viwili, harusi siachwi, na moyoni najiona bosi kweli. Julai baba mwenye fremu kaja, kwenye simu nina laki mbili na nusu. Nikakimbilia kausha damu, marejesho kila wiki, ikawa nafanya kazi ya kuwalipa wao, nikauza na draya moja, wateja wakawa wanakaa foleni wakikauka kwa zamu, wengine wakaondoka na wasusi wangu. Nilimaliza deni lakini yule msusi wa knotless hakurudi tena. Siku hizi laki tatu inatoka kila mwezi kwenda laini nyingine ambayo sitembei nayo.

3. Kama unasuka mwenyewe, jiandikie kamisheni kama msusi mwingine. Ukisuka vichwa vya laki sita, 240,000 ni yako halali ya mikono, iwe ndani ya ile laki nne. Usipofanya hivyo utadhani saluni ina faida kumbe ni jasho lako tu, ukiugua wiki mbili unaona ukweli.

4. Kinachobaki juu ya mshahara kaa nacho miezi mitatu. Kodi ya fremu imetimia, TRA wa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kalipwa, mzigo wa rasta wa sikukuu umenunuliwa? Basi hapo ziada mega nusu ule, nusu inunue stima ya nywele. Kabla ya hapo shemeji akija kukopa mwambie saluni haijalipwa.