Kukadiria 43 kwa kumi iliyo karibu

"Mwanangu wa darasa la tatu anakadiria 43 anapata 50, eti namba inapanda. Nimweleweshe vipi?"

Mwl. Hisabati: Kwanza muulize 43 iko kati ya makumi gani, wengi hukwama hapo. Akijibu 40 na 50, chora kilima: 40 chini kushoto, 50 chini kulia, 45 kileleni. Aandike 41 hadi 44 upande wa kushoto, 46 hadi 49 kulia. Gololi ukiiachia kwenye 43 inarudi 40; kwenye 47 inateremka hadi 50. Halafu ahakikishe kwenye mstari wa namba: kutoka 43 kwenda 40 ni hatua 3, kwenda 50 ni 7.

Mama wawili: Wangu anaandika 30! Akisikia "shusha" anapunguza kumi nzima.

Mwl. Hisabati: Basi acha neno "shusha", mama. Sema "inarudi kumi ipi?"

Baba Zuhura: 45 je? Iko katikati, si yoyote ni sawa?

Mwl. Hisabati: Umbali ni sawa kweli, 5 na 5. Lakini shuleni tumekubaliana iende 50. Kilima hakionyeshi sababu, mwambie tu ni makubaliano.

Baba Zuhura: Hapo atanibishia.